Dada Hayumo Kwenye Karatasi

Karatasi yenyewe ni moja tu, imechapwa upande mmoja, na aliyeijaza ana umri wa miaka sita. Natanguliza kusema hivyo ili wale wanaodhani kwamba mhadhiri wa chuo kikuu anayo mambo makubwa zaidi ya kushughulikia wajue kuwa nami nimejiuliza hivyo hivyo, na bado nimeamua kuandika.

Mtoto huyo ni binti wa mdogo wangu. Kwa Kiswahili ni binti yangu, nami ni baba yake mkubwa, na jambo hilo litatuhusu baada ya muda si mrefu. Anasoma Darasa la Kwanza katika shule binafsi hapa Dar es Salaam. Ijumaa moja alinionyesha zoezi lake la Maarifa ya Jamii lililosahihishwa, lenye misalaba mitatu mikubwa ya wino mwekundu, akaniuliza amekosea wapi. Niliisoma karatasi ile mara ya kwanza kwa haraka, kama wasomavyo wazazi wote. Mara ya pili niliketi.

Sehemu ya kwanza ina kichwa «Familia Yangu». Kuna mchoro wa watu wanne mbele ya nyumba yenye dohani: baba aliyevaa tai na kushika mkoba, mama aliyevaa aproni, mvulana na msichana. Mtoto anatakiwa kuunganisha kila mtu na neno lake kwa mstari: baba, mama, kaka, dada. Kisha anajaza nafasi zilizoachwa wazi: «Nina baba ___ na mama ___.» Kisha anachora watu wa familia yake mwenyewe na kuandika majina yao. Sehemu ya pili inaitwa «Kazi katika Jamii». Kuna picha sita, za daktari, mwalimu, askari polisi, mzimamoto, rubani na tarishi wa posta mwenye mfuko begani akigonga mlango wa nyumba. Mtoto anaunganisha kila mmoja na kifaa chake. Swali la mwisho linasema: «Andika kazi ya mtu unayemfahamu.»

Msalaba wa kwanza uliwekwa mahali binti yetu alipoandika kwamba ana baba 3. Wa pili uliwekwa juu ya mchoro wake wa familia, kwa sababu kati ya baba, mama na mdogo wake mchanga alimchora msichana mrefu mwenye kitenge kiunoni, akaandika chini yake «dada». Mwalimu anamfahamu msichana huyo, maana ndiye anayemleta mtoto shuleni kila asubuhi, na kando ya mchoro aliandika: «Huyu si ndugu yako.» Msalaba wa tatu uko kwenye swali la mwisho, ambapo mtoto aliandika, kwa herufi zinazopanda na kushuka: «Dada anapika anafua ananileta shule.» Hapo mwalimu aliandika: «Chagua kazi kutoka kwenye picha.»

Msomaji na atazame vizuri kilichotendeka. Mtu mmoja ametolewa kwenye karatasi mara mbili. Katika sehemu ya kwanza ameambiwa si ndugu, na katika sehemu ya pili ameambiwa anachofanya si kazi. Tukiifuata karatasi ile, msichana aliyefua sare ambayo mtoto aliivaa alipokuwa akijaza zoezi hayuko popote katika jamii.

Nianze na msalaba wa kwanza, kwa kuwa ndio unaoonekana mwepesi. Mtoto huyu ana baba aliyemzaa, ana baba mkubwa ambaye ni mimi, na ana baba mdogo, kitinda mimba wetu, anayeishi Dodoma. Jumla yao ni watatu. Kiswahili cha nyumbani kwetu hakijampa neno jingine la kutuita. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, na dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo kwa kadiri ya umri wake. Majina ya pekee yanaanza pale tunapovuka kutoka ndugu wa jinsia moja kwenda kwa wa jinsia nyingine: dada wa baba ni shangazi, na kaka wa mama ni mjomba. Mpangilio huo una mantiki kamili, na matokeo yake yanateremka hadi kwa watoto. Watoto wa baba wawili ni kaka na dada. Ndiyo maana wazee wetu hustaajabu kijana anapomtambulisha mtoto wa baba yake mdogo kuwa ni «binamu». Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni mwana wa ami, yaani wa ndugu wa baba. Tumeliazima kwa ajili ya mtu ambaye tayari tulikuwa tukimwita kaka.

Maneno haya hayakutungwa kueleza damu peke yake. Yanaeleza wajibu. Kumwita mtu baba mdogo ni kumkumbusha kwamba baba akifariki, ada haitakoma. Miongoni mwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo pengine baba yao hana, na mtoto wa Kiluguru anayepewa karatasi yenye baba, mama, kaka na dada pekee amepewa nyumba isiyo na nguzo. Sisemi kwamba mchoro wa watu wanne ni uongo. Zipo familia za namna hiyo, na nyingine ni za marafiki zangu. Ninachokataa ni karatasi kuuliza swali kwa Kiswahili na kuhifadhi mfukoni jibu lililofikiriwa kwa lugha nyingine. Mtoto aliulizwa ana baba wangapi kwa lugha anayoijua, akajibu kwa usahihi, akakosolewa.

Hata hivyo sina nia ya kuandika utenzi wa kuusifu undugu wetu, kwa sababu msalaba wa pili na wa tatu unatuhukumu sisi watu wazima kuliko unavyomhukumu aliyechora zile picha.

Dada anayezungumziwa hapa ni binti wa miaka 19 kutoka Singida. Hakuzaliwa na yeyote kati yetu. Aliletwa na jirani wa shemeji yangu, kwa mapatano ya mdomo, mwaka juzi. Katika miji yetu msichana wa namna hii haitwi mfanyakazi mbele ya watoto. Huitwa dada, na wageni wakiuliza huambiwa, «Ni dada anayetusaidia.» Zama za ukoloni watumishi wa nyumbani walikuwa kwa wingi wanaume, na mtu mwenye mke na watoto aliitwa «boi» mpaka nywele zikaingia mvi. Tulilichukia neno hilo, na tulikuwa na haki. Tukaweka mahali pake neno la heshima, neno la nyumbani. Swali ninalouliza ni kama, pamoja na neno, tulibadilisha kitu kingine chochote.

Maana undugu wa dada huyu una saa zake. Ni ndugu wakati wa kuombwa akeshe na mtoto mwenye homa. Ni ndugu anapodai mshahara tarehe 5 akaambiwa avumilie, kwa kuwa sote ni familia moja. Sahani zinapopangwa mezani, undugu huo hukoma mlangoni mwa jiko. Mtoto wa miaka sita hajui hila hiyo. Yeye amesikia neno «dada» likitamkwa kila siku na watu anaowaamini, akadhani tunasema kweli.

Baada ya kuisoma karatasi nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya, ingawa nafundisha masomo ya jamii. Nilimwuliza mdogo wangu na mkewe ratiba ya nyumba, kisha nikamwuliza dada mwenyewe kando, na majibu hayakutofautiana sana. Anaamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji na kuandaa uji. Analala saa 4 usiku, vyombo vikishaoshwa. Hizo ni saa 17. Tuondoe saa 4 za kula, kuoga, kuketi mchana mtoto mchanga akilala, na kutazama tamthilia jioni, ingawa hata anapotazama ndiye anayefungua geti. Zinabaki saa 13. Kwa siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, ni saa 78. Jumapili huenda kanisani, kisha hurudi kupika chakula cha mchana na kupiga pasi sare za wiki, saa 6 hivi. Jumla ni saa 84 kwa wiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Kwa hiyo kikomo cha juu kabisa, mwajiri akijitahidi kuubana muda wote unaoruhusiwa, ni saa 230 katika wiki nne. Dada yetu anafanya saa 336.

Mshahara wake ni shilingi 90,000 kwa mwezi, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Mdogo wangu alinitajia kiasi hicho kwa fahari kidogo, na kwa upande mmoja ana sababu. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilimpa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha hadi 60,000. Kwa kipimo hicho nyumba ya mdogo wangu inatoa zaidi ya amri hiyo ilivyodai. Lakini gawanya 90,000 kwa saa 336. Kila saa inapata shilingi 268 hivi, na nauli fupi kabisa ya daladala inaizidi. Hapa ndipo neno «dada» linapofanya kazi yake. Hakuna anayehesabu saa za ndugu yake. Mfanyakazi wa ofisini akiondoka saa 10 jioni hatuoni ajabu, ila dada akisema saa yake imekwisha tunamwona amebadilika, amefundishwa na wenzake, hana shukrani.

Sasa mtoto anaandika kwa mkono wake kwamba dada anapika, anafua na kumleta shule, na analiandika hilo chini ya swali linalouliza kazi. Hakuna mtu aliyemfundisha. Ni yeye peke yake, katika nyumba ile na katika shule ile, aliyeona kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wa familia na papo hapo awe kazini. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, ulihitaji vifungu kadhaa kueleza kwamba kufanya kazi ndani ya nyumba ya mtu ni uhusiano wa ajira kamili. Binti yetu alitumia maneno matano, akapewa msalaba.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Sikwenda kugomba, na naomba asomaye asimgeuze mwalimu yule kuwa adui wa makala haya. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti chake, yeye akasimama.

«Mzee, mimi mwenyewe nilisita,» alisema. «Lakini nina watoto 52, na karatasi za namna hii ni nne kwa wiki. Ya kuunganisha kwa mistari naisahihisha huku natembea. Kila mtoto akiandika lake, sitalala.»

Nilimwuliza karatasi imetoka wapi. Alisema hununuliwa stesheni, nyingine huchapwa kutoka kwenye mtandao, na uongozi hupenda zilizo na picha nzuri kwa sababu wazazi huzisifia. Nilimwonyesha tarishi wa posta anayegonga mlango. Tulicheka wote wawili. Katika nchi ambayo anwani ya mtu kwa miaka yote imekuwa S.L.P., na barua hufuatwa kwenye sanduku, mtoto anafundishwa kumtambua mtumishi ambaye hata babu yake huenda hajawahi kumfungulia mlango. Wakati huohuo hakuna mama lishe katika zile picha sita, hakuna mvuvi, hakuna bodaboda, hakuna fundi cherehani. Mkulima naye hayumo, ingawa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa nchi hii wako katika kilimo, ufugaji na uvuvi. Karibu kazi zote sita ni za sare. Mtoto anajifunza kwamba kazi ni kile kinachofanywa na mtu aliyevaa sare.

Alichonieleza mwalimu ndicho chanzo halisi, na wenzangu wanaharakati wanaopenda kutafuta njama wakitafakari. Karatasi hii haikuandikwa na mtu anayewadharau wafanyakazi wa nyumbani. Imechaguliwa kwa sababu ina jibu moja kwa kila swali, na jibu moja husahihishwa kwa sekunde chache. Jamii lakini haina majibu ya namna hiyo, ndiyo maana kila mtoto aliyeeleza nyumba yake jinsi ilivyo alikuwa katika hatari ya kukosea. Mwalimu aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto mwingine anayelelewa na bibi yake alichora baba na mama wasiokuwepo, akapata alama zote. Sikuwa na la kujibu.

Nilimpendekezea zoezi jingine, naye akalijaribu wiki iliyofuata kwa moyo mweupe. Ukurasa una miraba minne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Katika kila mraba mtoto anachora mtu aliyemfanyia jambo, na anaandika neno moja la tendo: kuamsha, kupika, kubeba, kufua, kuuguza. Mwalimu hasahihishi nani amechorwa. Anasahihisha tendo kama limeandikwa sawasawa, na hilo linawezekana hata kwa watoto 52. Baadaye anaandika matendo ubaoni, na darasa linahesabu kwa vijiti mara ngapi kila tendo limetajwa, hivyo hata somo la kuhesabu limepata fungu lake.

Zoezi hilo nalo lina mtego, na sikuuona mpaka mwalimu aliponirekebisha. Mimi nilitaka watoto waongeze alama pembeni ya kila mtu, kama analipwa au halipwi. Alikataa. Alisema mtoto wa miaka sita akienda nyumbani kuuliza, «Dada analipwa shilingi ngapi?», atakayeadhibiwa ni dada, kwa kudhaniwa amemtia mtoto maneno. Alikuwa sahihi kabisa. Swali la malipo ni letu sisi tulio na mishahara, nami nilikuwa karibu kumbebesha mtoto mzigo niliopaswa kuubeba mwenyewe.

Nimekwisha kusikia pingamizi moja kutoka kwa rafiki mtumishi wa umma niliyemsomea rasimu hii. Alisema watoto wadogo waachwe wajifunze majina ya vitu kwanza, na mambo ya tabaka na haki yasubiri sekondari. Ningekubaliana naye kama ile karatasi ingekuwa kimya. Haiko kimya. Imempa mama aproni na baba mkoba, imechagua kazi sita na kuacha nyingine zote, kisha imemwandikia mtoto kwa wino mwekundu nani si ndugu yake. Somo la tabaka limekwisha kufundishwa tayari, Ijumaa ile, kabla ya saa nne ya mapumziko. Na rafiki yangu huyo, nimtanie kidogo, ana dada nyumbani kwake pia, na hakunijibu nilipomwuliza jina la ukoo la binti huyo.

Kwangu mimi hatua iliyofuata haikuwa ya kuandika blogu. Jumapili iliyopita tuliketi sebuleni kwa mdogo wangu, mimi, yeye, shemeji yangu na dada, tukaandika maelezo ya ajira kama sheria inavyotaka: jina, umri, mahali alikotoka, tarehe ya kuanza, saa za kazi, malipo. Kwenye saa tulibishana sana. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi na hufanya zamu za usiku, alisema jambo ambalo ni la haki: kwamba nchi isiyo na mahali nafuu pa kuwaacha watoto wachanga inamlazimisha mwanamke mmoja kwenda kazini kwa mgongo wa mwanamke mwingine, na kwamba wakati tukihesabu, hakuna aliyemwuliza mdogo wangu huwa anafua siku gani. Mdogo wangu alitazama chini. Sasa Jumapili nzima ni ya dada, usiku wake unaanza saa 2, na pasi imehamia kwa mwenye mkoba.

Tulikwama kwenye nafasi iliyoandikwa «Cheo». Shemeji alipendekeza «msaidizi», mimi nikasema «mfanyakazi wa nyumbani». Dada mwenyewe hakuwa amesema neno kwa muda mrefu. Alichukua kalamu, akaandika «mfanyakazi wa nyumbani» kwa herufi kubwa, akatuuliza kama watoto wataendelea kumwita dada.

Binti yetu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akichungulia. Aliuliza kama zoezi lile nalo litapelekwa kwa mwalimu kusahihishwa.